Jaribio la Sarufi: Maelezo ya Kila Jibu

Swali la 1. Ipi ni sentensi sanifu?

A. Mwanafunzi mwenye nilimwona jana amefaulu.
B. Mwanafunzi niliyemwona jana amefaulu.
C. Mwanafunzi ambaye niliyemwona jana amefaulu.
D. Mwanafunzi ambae nilimwona jana amefaulu.

Umechagua A. Si sahihi, ingawa mitaani utaisikia kila siku. *-enye* huonyesha umiliki au sifa, na hufuatwa na nomino: *mwenye bidii*, *mwenye duka*. Hata *mwenye kujua* inakubalika kwa kuwa *kujua* ni kitenzi-jina. *Nilimwona* si nomino, kwa hiyo hapa panahitajika kirejeshi.

Umechagua B. Sahihi. Kikate kitenzi uone: *ni-li-ye-mw-on-a*. Hiyo *ye* ndiyo kirejeshi, inamrejelea mwanafunzi. Badilisha nomino, nacho kitabadilika: kitabu *nilichokiona*, vitabu *nilivyoviona*. Ukishindwa kukiona kirejeshi katika neno refu, kitafute baada ya kiambishi cha wakati.

Umechagua C. Umekaribia sana. Kosa ni kurejesha mara mbili: *ambaye* ina *ye*, *niliyemwona* ina *ye* nyingine. Moja inatosha. Sema *ambaye nilimwona* au *niliyemwona*. Huenda unajiuliza *amba-* ina kazi gani basi, ikiwa kitenzi kinaweza kubeba kirejeshi chenyewe. Jaribu kukipachika baada ya *-me-*: *nimeyemwona*? Haiwezekani. Hapo ndipo *ambaye nimemwona* inapookoa jahazi.

Umechagua D. Muundo ni sawa, tahajia ndiyo imekuangusha. Shina ni *amba-*, kirejeshi ni *ye*: *ambaye*. Tukizungumza haraka *y* humezwa, lakini kwenye karatasi lazima ionekane.

Swali la 2. Kitenzi "fungua" kiko katika kauli gani?

A. Kutendwa
B. Kutendea
C. Kutendua
D. Kutendesha

Umechagua A. Kutendwa ingekuwa *funguliwa*: mlango umefunguliwa.

Umechagua B. Kutendea ni *fungulia*, yaani kufungua kwa ajili ya mtu: *Nifungulie mlango.*

Umechagua C. Sahihi. *Funga* imegeuzwa kinyume kwa kiambishi *-u-*. Ndivyo ilivyo pia *ziba/zibua*, *panga/pangua*, *tega/tegua*. Lakini usiinase kila *-ua* ukaiita kutendua, mtego huu watahini wanaupenda. *Nunua* haina *nuna* iliyo kinyume chake; *nuna* ipo, ila maana yake ni kukasirika kimyakimya. Kwa hiyo ondoa *-u-*, kisha uliza: je, neno lililobaki linapingana kimaana na la mwanzo?

Umechagua D. Kutendesha humfanya mwingine atende, na mara nyingi utaona *-ish-* au *-esh-*: *imba/imbisha*, *soma/somesha*. *Fungua* haina kiambishi hicho.