Sauti Iliyo Kati: Onyesho la Kuhitimu la Kanuni

Ukumbi Mdogo wa Chuo, Unguja
Ijumaa, 14 Novemba 2025, saa 1:00 usiku
Muda: kama dakika 55, bila mapumziko

1. Taksim katika makamu ya Bayati (dakika 6)
2. Samai Bayati, Ibrahim al-Arian (dakika 7)
3. Longa Farahfaza, Riyadh al-Sunbati (dakika 4)
4. Kijiti, wimbo wa Siti binti Saad (dakika 9)
5. Mfululizo wa kidumbak (dakika 12)

Dakika zinazobaki ni za kutuna, yaani kuweka sauti za nyuzi sawa. Tunaomba radhi mapema.

Ala yenyewe

Kanuni, ambayo wapigaji wengi wa hapa Unguja huiita ganuni, ni sanduku bapa la mbao lililokatwa pembeni upande mmoja, na hulazwa juu ya mapaja au mezani. Ya usiku huu ina nyuzi 78. Zimepangwa tatutatu, na kila tatu hutunwa sauti moja, kwa hiyo noti zenyewe ni 26 tu. Faida yake ni mlio mnene, unaong'aa. Hasara yake ni kwamba uzi mmoja kati ya watatu ukilegea hata kidogo, noti nzima huanza kuyumbayumba, na sikio hulipata kosa hilo kabla ya mpigaji hajajua ni uzi upi.

Upande wa kulia, farasi, yaani kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, imekaa juu ya vipande vya ngozi iliyowambwa kama ngoma. Ngozi ndiyo inayoipa kanuni sauti yake kali, na ngozi hiyohiyo ndiyo inayoisumbua katika hewa ya pwani. Unyevu ukizidi, ngozi hulegea, farasi huzama kidogo, na nyuzi zote hushuka kwa pamoja. Kiyoyozi kikiwashwa ghafla, huikausha na nyuzi zikapanda. Ndiyo sababu feni za jukwaani zimezimwa, na kanuni imekuwa ukumbini humu tangu alasiri ili izoee hewa.

Upande wa kushoto, chini ya nyuzi, kuna vishikizo vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa kwa kidole. Kikiinuliwa, kinafupisha uzi na noti inapanda kidogo. Utaona mkono wa kushoto wa mpigaji ukiruka huko kila mara. Hapo anabadilisha makamu, yaani mpangilio wa noti ambao muziki unaufuata, na lazima amalize kabla mkono wa kulia haujaifikia noti husika. Akichelewa, utasikia noti ikipinda katikati ya mlio.

Sauti ya kufuata

Kwa asiyejua muziki wa Kiarabu, tunashauri kufuata kitu kimoja tu usiku kucha. Kwenye kinanda, kati ya D na F, kuna E nyeupe na E bemoli nyeusi. Makamu ya Bayati hayataki hata moja kati ya hizo. Yanataka sauti iliyo kati yake, ambayo kinanda hakina, na ambayo mgeni huweza kuidhania ni kosa la kutuna. Si kosa. Tena wapigaji wazoefu huiweka chini kidogo zaidi katika Bayati kuliko katika makamu ya Rasti, ingawa vitabu huiandika kwa alama ileile. Katika sehemu mbili za mwanzo sauti hiyo ndiyo roho ya muziki. Katika ya tatu inatoweka kabisa. Katika ya nne inarudi, lakini si kwenye nyuzi za kanuni.

1. Taksim

Taksim haina maandishi wala mapigo. Mpigaji anatunga palepale, ila hatungi ovyo. Bayati ina njia yake, na msikilizaji aliyeizoea anaijua kama anavyojua vichochoro vya mtaa wake.

Ataanzia D ya chini na kukaa hapo muda, akiizunguka na noti mbili tatu za jirani. Kisha atapanda hadi G, ambayo ndiyo kituo cha pili, na kutua. Kutoka G njia zinagawanyika, na hapo ndipo mpigaji huonyesha anachokijua: anaweza kuchungulia makamu mengine, mradi ajue njia ya kurudi. Mwisho atafika D ya juu, akae kidogo, ateremke hadi alipoanzia. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kufika juu mapema. Dakika ya pili tayari yuko kileleni, na dakika nne zilizobaki hana pa kwenda.

Nyuzi za kanuni hazina kitu cha kuzinyamazisha, na mlio wa kila noti hufifia upesi. Ili kuurefusha, mpigaji hupiga uzi mmoja harakaharaka kwa kucha mbili za pembe zilizobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Ili kuukata, huweka kiganja. Angalia kiganja. Kimya chake kina kazi sawa na noti.

2. Samai Bayati

Taksim itaingia moja kwa moja katika samai, kwa hiyo tunaomba makofi yasubiri.

Samai ni mtindo uliokuzwa katika muziki wa Waturuki wa enzi za Uthmani, ukaenea nchi za Kiarabu. Taarabu ya Unguja nayo ilitoka upande huo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze muziki, na kanuni ikawa miongoni mwa ala za wapigaji wa kasri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, muziki ulikwishatoka nje ya kasri. Ada ya kufungua onyesho kwa kipande cha ala bila mwimbaji, hasa bashraf, imedumu katika taarabu asilia. Samai ni ndugu wa karibu wa bashraf.

Mtunzi, Ibrahim al-Arian, alikuwa Mmisri. Samai yake hii ni ya kwanza kufundishwa kwa wanafunzi wengi wa kanuni na udi, na kwa sababu hiyo ni ngumu kuipiga mbele ya watu: kila mwenye ala ukumbini anaijua noti kwa noti.

Mapigo yake ni kumi. Sikiliza ngoma ya dumbaki na tari ya rika:

DUM – – TAK – DUM DUM TAK – –

Hesabu kumi polepole, kila kistari ni pigo la kimya. Ugumu uko mwishoni, pigo la tisa na la kumi, ambapo ngoma inanyamaza. Mwanafunzi mwenye haraka huyala mapigo hayo mawili na kurudi mwanzo mapema, na kundi zima likasambaratika. Mgongo wa samai uko katika kimya hicho.

Umbo lake ni rahisi kulishika. Kuna khana nne, yaani nyumba nne, na baada ya kila moja kinarudi kibwagizo kilekile kinachoitwa taslim. Ukipotea, subiri taslim, utaitambua mara ya pili tu. Katika khana ya nne mapigo kumi yanaachwa, muziki unahamia hesabu ya tatutatu na kuchezeka, halafu taslim inarudisha kila kitu mahali pake.

Kutuna

Hapa mpigaji atasimama kwa dakika chache. Noti mbili zinabadilika: ile E ya kati inashushwa kuwa E bemoli, na F inapandishwa kuwa F kali. Kwa kuwa kila noti hujirudia mara tatu au nne kwenye ala, hiyo ni kazi ya vishikizo sita hadi vinane. Akisahau kimoja, kitamsuta katikati ya longa, na kwa mwendo ule hatakuwa na nafasi ya kukirekebisha.

3. Longa Farahfaza

Riyadh al-Sunbati (1906–1981) anajulikana zaidi kwa nyimbo alizomtungia Umm Kulthum, ukiwemo Al-Atlal wa 1966. Longa hii ni upande wake mwepesi. Longa ni dansi ya mapigo mawili ya kasi, iliyoingia katika muziki wa Waturuki kutoka Balkani. Farahfaza ni makamu ya Nahawandi yaliyoanzishwa kwenye G, na Nahawandi iko karibu sana na ngazi ya noti ya Wazungu iitwayo maina. Kinanda kingeweza kuipiga yote. Ndiyo maana masikio mengi huona ni nyepesi kuipokea, na ndiyo maana tumeiweka hapa, baada ya Bayati, ili tofauti ijisemee.

Wasiwasi wa mpigaji ni mikono kupishana. Mkono wa kulia unapiga wimbo, wa kushoto unaurudia oktava moja chini. Mwendo ukizidi uwezo, wa kushoto huburuta, na unasikika kama mwangwi usioalikwa.

4. Kijiti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1928 alisafiri Bombay na wenzake kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Kabla yake, taarabu ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na akaingiza ndani yake habari za mtaani.

Kijiti ni wimbo wa habari ya namna hiyo. Mwanamke aliyetoka Dar es Salaam anauawa Unguja, muuaji anavuka bahari kwenda bara, na waliotoa ushahidi ndio wanaoadhibiwa. Wimbo hauhubiri. Unataja nani alifanya nini, na hasira inabaki kwa msikilizaji. Bi Kidude aliuimba hadi uzeeni mwake.

Katika mpangilio wa usiku huu kanuni haiongozi. Kazi yake ni majibu: mwimbaji akimaliza mshororo, kanuni inajaza pengo kwa noti chache, kisha inampisha. Vishikizo havitaguswa tena. Sikiliza koo la mwimbaji anapoteremka mwisho wa ubeti: ile sauti ya kati, iliyopotea katika longa, anaipitia yeye, na fidla inamfuata. Kinanda na kodiani zilipozoeleka katika taarabu, sauti za namna hii zilikosa mahali kwenye ala nyingi, ila waimbaji wengine hawakuziacha.

Anayetaka kumtunza mwimbaji, ruhusa. Apite upande wa kulia, asikanyage waya.

5. Kidumbak

Tukiri wazi: kanuni si ala ya kidumbak. Kidumbak ni vigoma viwili vidogo vya udongo, fidla, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa vya kugonganisha, na sanduku, yaani boksi la chai lililogeuzwa, lenye kijiti na uzi mmoja. Mpigaji anavuta kijiti, uzi unakaza na sauti ya besi inapanda. Akikilegeza, inashuka. Nyimbo za taarabu zinazojulikana mjini zinaunganishwa bila kusimama, mwendo ukizidi kila zinapobadilika, hadi watu wamesimama.

Kuiingiza kanuni humo ni uamuzi wa mhitimu mwenyewe, na una hatari: vigoma vinaweza kuimeza. Amewekewa maikrofoni moja karibu na farasi, na atapiga noti za juu tu, ambako vigoma havifiki. Kama katikati haisikiki, basi mtaona mikono ikicheza na fidla ikisema.

Viti vya safu mbili za mbele vinasogezeka. Hakutakuwa na wimbo wa nyongeza, kwani kwa joto la wachezaji ngozi ya kanuni itakuwa imeshalegea, na kuituna upya huchukua kama nusu saa.