YAH: OMBI LA KUREJESHA MONITA ZA MAABARA YA KOMPYUTA KWENYE REZOLUSHENI YAKE HALISI

Idara ya Jiografia,
Tabora.
14 Mei 2025

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,
Chuoni hapa.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili, na naandika kwa niaba ya wenzangu tunaofanya kazi za ramani katika maabara ya chini.

Monita za maabara hiyo zimetengenezwa na nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Imeandikwa kwenye stika ya nyuma. Lakini kompyuta zote zinawaka kwa 1024 kwa 768. Maana yake kompyuta inatuma takriban asilimia 53 tu ya nukta kwa upana na asilimia 71 kwa kimo, na monita inalazimika kuzivuta zijae kioo. Kwa upana kila nukta inatanuliwa mara 1.875, kwa kimo mara 1.406. Hakuna nukta nzima inayoangukia mahali pake, ndiyo maana herufi zinaonekana zimepakwa mafuta, na kwa kuwa upana unavutwa zaidi ya kimo, kila kitu kinanenepa.

Hilo la kunenepa limenigharimu siku mbili. Wiki iliyopita nilichora kwenye QGIS duara la kilomita 5 kuzunguka stesheni ya reli ya Tabora, likatokea kama yai. Mwalimu alipopita akaniuliza kama nimekosea projeksheni. Nikarudia kila hatua, nikahakikisha nimo EPSG:32736 ambayo ndiyo kanda yetu, nikafuta tabaka na kuanza upya. Yai likabaki yai. Mwishowe nikachukua rula nikaiweka juu ya kioo: upana sentimita 16, kimo sentimita 12. Nilipochapisha ramani ileile kwenye duka la kuchapia mjini, duara likatoka la mviringo kabisa. Ramani haikuwa na kosa. Kioo ndicho kilichokuwa kinadanganya. (Mwalimu amecheka, alama zangu zimebaki salama, lakini siku mbili hazirudi.)

Nilijaribu kurekebisha mwenyewe kwenye mashine namba 14. Unabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya uso wa kompyuta, unachagua `Display settings`, kisha kwenye `Display resolution` unaweka `1920 x 1080 (Recommended)`. Herufi zikakaa sawa papo hapo, na jedwali la takwimu ambalo nilikuwa nalisogeza kushoto na kulia likaonekana lote. Kesho yake asubuhi nikakuta imerudi 1024 kwa 768. Fundi wa zamu akanieleza kwamba mashine zimewekwa zifute mabadiliko yote zikizimwa. Utaratibu huo nauelewa, bila huo maabara ingejaa takataka. Ila ndiyo maana lazima badiliko lifanywe na ofisi yako, kwenye nakala ya mfumo ambayo mashine zote zinairudia.

Mashine namba 3, 9 na 17 zina tatizo lao. Hizo hazionyeshi kabisa chaguo la 1920 kwa 1080, na kwenye `Device Manager` zimeandika `Microsoft Basic Display Adapter`, yaani draiva ya kadi ya picha haijawekwa. Hizo zitahitaji kuwekewa draiva kwanza.

Nimesikia kwamba rezolusheni ilishushwa makusudi kwa sababu baadhi ya watumiaji walilalamika maandishi ni madogo. Malalamiko yao ni ya haki, hata mimi navaa miwani. Lakini dawa yake ni `Scale`, siyo kupunguza nukta: ukiweka 125% au 150% maandishi yanakua na bado yanabaki makali, kwa sababu kila nukta ya kioo inafanya kazi yake. Naomba mipangilio yote miwili iwekwe pamoja, rezolusheni kamili na ukubwa wa 125%, ili tusije tukatatua la wanaramani tukaumiza macho ya wengine.

Kazi zetu za ramani zinakusanywa tarehe 20 Juni. Kama haitawezekana kugusa maabara nzima kabla ya hapo, tungeshukuru walau ile safu ya dirishani, mashine 11 hadi 20, ambako ndiko tunakofanyia kazi. Wanafunzi wanne tuko tayari kuja Jumamosi yoyote asubuhi kusaidia kukagua mashine moja moja chini ya usimamizi wa fundi. Rula nitakuja nayo.

Wako mtiifu,

Zaituni
Mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili

Nakala: Mkuu wa Idara ya Jiografia