Chati Mbili za Duara: Samaki wa Lamu na wa Malindi (Maswali na Majibu)

Karatasi hii ni ya kidato cha pili na cha tatu, darasa la marudio la jioni, Lamu mjini. Muda ni saa moja na nusu, alama ni 50. Uwe na rula, bikari, kipimapembe na penseli iliyochongwa vizuri. Kikokotoo kinaruhusiwa kuanzia swali la 4. Majina ya samaki ni ya sokoni kwetu, lakini kilo na bei zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Andika hatua zote: jibu tupu lisilo na njia hupata nusu ya alama.

Chati A. Kikundi cha wavuvi cha Lamu kilipima kilo 720 kwa wiki moja ya kaskazi. Ndani ya vipande zimeandikwa pembe: tafi nyuzi 108, changu nyuzi 90, pweza nyuzi 54, kamba nyuzi 36. Kipande cha "wengineo" hakikuandikwa kitu.

Chati B. Wiki hiyo hiyo kikundi cha Malindi kilipima kilo 1,200. Ndani ya vipande zimeandikwa asilimia: jodari 35, nguru 20, changu 15, pweza 12.5. Hapa pia "wengineo" wameachwa wazi.

MASWALI

1. Katika Chati A, tafuta pembe ya "wengineo", kisha kilo na asilimia ya kila kipande. (Alama 6)

2. Katika Chati B, tafuta asilimia ya "wengineo", kisha pembe na kilo za kila kipande. (Alama 6)

3. Mwanafunzi mmoja alizitazama chati zote mbili akasema, "Lamu walivua changu wengi kuliko Malindi, na pweza wengi kuliko Malindi, maana vipande vyao ni vipana zaidi." Pima kauli yake kwa hesabu. (Alama 6)

4. (a) Pweza wa Malindi wamewazidi wa Lamu kwa asilimia ngapi? (b) Pweza wa Lamu wamepungua kwa asilimia ngapi ukilinganisha na wa Malindi? (Alama 5)

5. Vikundi viwili vimeunganisha hesabu zao. (a) Tafuta jumla ya kilo kwa kila aina ya samaki. (b) Changu ni asilimia ngapi ya samaki wote? (c) Tafuta pembe za chati ya pamoja. (d) Ichore kwa nusu kipenyo cha sentimita 6. (Alama 12)

6. Chati A na B zitachorwa upande kwa upande, na ukubwa wa kila duara uonyeshe wingi wa samaki. Ikiwa nusu kipenyo cha Chati A ni sentimita 6, cha Chati B kiwe ngapi? (Alama 5)

7. Wiki iliyofuata, katika chati ya Lamu, pweza wa kilo 96 walichukua nyuzi 40. Malindi walipima jumla ya kilo 936. Pweza wa vikundi vyote viwili walikuwa asilimia 14 ya samaki wote. Tafuta (a) jumla ya Lamu, (b) kilo za pweza wa Malindi, (c) pembe ya pweza katika chati ya Malindi. (Alama 4)

8. Samaki wa Chati A waliuzwa kwa kilo hivi: tafi shilingi 300, changu 400, pweza 350, kamba 1,500, wengineo 200. Chati ya fedha ikichorwa, kamba watachukua nyuzi ngapi? (Alama 6)

MAJIBU NA NJIA ZAKE

Swali la 1. Duara lote ni nyuzi 360. Zilizoandikwa ni 108 + 90 + 54 + 36 = 288, basi wengineo ni nyuzi 72. Kilo 720 zimegawanywa kwa nyuzi 360, kwa hiyo kila uzi mmoja ni kilo 2. Ukishajua hilo, huna haja ya kuandika sehemu ndefu mara tano: tafi kilo 216, changu 180, pweza 108, kamba 72, wengineo 144. Jumla ni 720. Kwa asilimia, gawanya pembe kwa 3.6: tafi 30, changu 25, pweza 15, kamba 10, wengineo 20.

Kosa linalorudi kila mara ni kugawanya pembe kwa 100, kana kwamba duara lina nyuzi 100. Mtu akiandika kwamba changu ni asilimia 90, na tafi asilimia 108, jibu lenyewe linamshtaki, maana hakuna sehemu inayoizidi jumla yake.

Swali la 2. 35 + 20 + 15 + 12.5 = 82.5, basi wengineo ni asilimia 17.5. Asilimia moja ni nyuzi 3.6, na kwa Malindi ni kilo 12. Jodari: nyuzi 126, kilo 420. Nguru: nyuzi 72, kilo 240. Changu: nyuzi 54, kilo 180. Pweza: nyuzi 45, kilo 150. Wengineo: nyuzi 63, kilo 210. Jumlisha safu zote mbili, upate 360 na 1,200. Safu moja ikikataa, kosa liko ndani yake, na mara nyingi ni ile 12.5 iliyosomwa kama 12.

Swali la 3. Kauli si sahihi, pande zote mbili. Changu wa Lamu wana nyuzi 90 na wa Malindi nyuzi 54, lakini kilo ni 180 kwa 180: wamelingana kabisa. Pweza wa Lamu wana nyuzi 54 na wa Malindi 45, ilhali Malindi ndio wenye wingi, kilo 150 kwa 108. Pembe inaeleza sehemu ya jumla yake yenyewe, haielezi wingi. Uzi mmoja wa Lamu ni kilo 2, uzi mmoja wa Malindi ni kilo 3 na theluthi. Kabla ya kulinganisha vipande vya chati mbili, vigeuze kwanza viwe kilo. Swali hili limewekwa mapema kwa makusudi, kwa sababu asiyelielewa atalipoteza swali la 5 lote.

Swali la 4. Tofauti ni 150 − 108 = 42. (a) Tunalinganisha na Lamu, basi 42 ÷ 108 × 100 = 38.9. (b) Tunalinganisha na Malindi, basi 42 ÷ 150 × 100 = 28. Tofauti ni ile ile, lakini kigawanyo kimebadilika. Soma swali utafute ni nani "anayezidiwa" au "anayelinganishwa naye". Kilo zake ndizo zinazokaa chini.

Swali la 5. Jumla kuu ni 720 + 1,200 = 1,920.

(a) Changu 180 + 180 = 360. Pweza 108 + 150 = 258. Wengineo 144 + 210 = 354. Tafi 216 na kamba 72 wametoka Lamu peke yake. Jodari 420 na nguru 240 wametoka Malindi peke yake. Aina ni saba, si tano. Wapo wanaowasahau kamba kwa sababu hawamo katika Chati B, na kilo 72 zinapotea. Hakikisha: 360 + 258 + 354 + 216 + 72 + 420 + 240 = 1,920.

(b) 360 ÷ 1,920 × 100 = 18.75.

Hapa ndipo alama nyingi huzama. Wanafunzi huchukua asilimia 25 ya Lamu na asilimia 15 ya Malindi, wakajumlisha na kugawanya kwa mbili, wakapata 20. Asilimia 20 ya 1,920 ni kilo 384, na changu waliopimwa ni kilo 360 tu. Kilo 24 za ziada hazikuvuliwa na mtu. Wastani wa asilimia mbili hukubalika pale tu jumla mbili zinapolingana. Kama Malindi nao wangepima kilo 720, changu wao wangekuwa 108, wote pamoja 288 kati ya 1,440, na hiyo ni asilimia 20 barabara. Malindi wakiwa na kilo nyingi zaidi, asilimia yao ya 15 inavuta jibu kuelekea kwake, ndiyo maana tumepata chini ya 20. Hata kabla ya kukokotoa unaweza kujua kwamba jibu litakuwa kati ya 15 na 25, karibu zaidi na 15.

Pembe nazo zina mtego wa namna hiyo. Usijumlishe 90 na 54 ukasema changu wana nyuzi 144: ukifanya hivyo kwa vipande vyote utapata nyuzi 720, yaani maduara mawili.

(c) Zidisha kilo kwa 360, ugawanye kwa 1,920. Kwa ufupi, zidisha kwa 0.1875. Jodari 78.75. Changu 67.5. Wengineo 66.375. Pweza 48.375. Nguru 45. Tafi 40.5. Kamba 13.5. Jumla ni 360 kamili.

(d) Ukizikadiria hadi nyuzi nzima utapata 79, 68, 66, 48, 45, 41 na 14, na jumla yake ni 361. Hujakosea hesabu. Nusu tatu zimepandishwa juu kwa pamoja na zimezalisha uzi wa ziada. Usikipunguze kipande kwa kubahatisha, chora kwa nusu uzi inapowezekana (67.5 ni katikati ya mistari ya 67 na 68), anza na kipande kikubwa, na kipande cha mwisho kijifunge chenyewe. Kisha kipime: kamba wakitoka kati ya nyuzi 12 na 15, mchoro ni mzuri. Wakitoka 20, kipimapembe kilisogea, au ulisoma namba za upande wa pili wa kipimapembe. Kila unapohama kipande, weka sufuri juu ya mstari uliouchora mwisho, na kitovu juu ya kitovu cha duara. Andika majina ndani ya vipande. Kwa kamba, ambao kipande chao ni chembamba, andika nje na uvute mstari.

Swali la 6. Eneo ndilo linaloonyesha wingi, na eneo hukua kwa mraba wa nusu kipenyo. 1,200 ÷ 720 = 1.667, kipeuo chake cha pili ni 1.291, mara 6 ni sentimita 7.7. Aliyeandika sentimita 10 amezidisha nusu kipenyo kwa 1.667 moja kwa moja, na duara lake lina eneo mara 2.8 badala ya mara 1.67.

Swali la 7. (a) 96 × 360 ÷ 40 = kilo 864. (b) 864 + 936 = 1,800; asilimia 14 yake ni 252; toa 96, Malindi ni kilo 156. (c) 156 ÷ 936 × 360 = nyuzi 60.

Swali la 8. Tafi 216 × 300 = 64,800. Changu 180 × 400 = 72,000. Pweza 108 × 350 = 37,800. Kamba 72 × 1,500 = 108,000. Wengineo 144 × 200 = 28,800. Jumla ni shilingi 311,400. Pembe ya kamba ni 108,000 ÷ 311,400 × 360 = nyuzi 124.9. Kipande kilichokuwa nyuzi 36 kwa uzito kimekuwa kikubwa kuliko vyote kwa fedha. Kichwa cha chati lazima kitaje kinachopimwa, kilo au shilingi. Chati isiyo na kichwa hapa hukatwa alama 1.