Karibu dada Rehema, mtaalamu wa kuhifadhi mahindi

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi! Sasa namkaribisha dada Rehema, kama umewahi kuuza mahindi pale Kibaigwa labda ushamwona na kile kipima unyevu chake, hakiachi kabisa. Mnakumbuka 2016 sumukuvu ilivyoua watu huku Dodoma na Manyara, basi yeye kazi yake ndo kuizuia hiyo sumu ya ukungu wa mahindi, anafundisha wakulima kuanika juu ya turubai sio kwenye udongo, unyevu ushuke mpaka asilimia 13 ndo mahindi yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Mi mwenyewe kanifundisha, gunia zangu hazijaota ukungu tena. Wenye mabegi njiani msogeze, anapita na kiti chake cha magurudumu, maiki ishawekwa mezani hapa mbele. Dada Rehema, karibu sana!