SOMENI HAPA KWANZA: maoni tunayoyakaribisha na tutakayoyaondoa

Assalaam aleikum wanakundi, na hamjambo nyote.

Kwa mlioingia majuzi: hili ni kundi la watu wa Lamu, wa visiwani na wa upande wa bara, pamoja na ndugu zetu walioko Mombasa, Nairobi na Arabuni ambao bado wanataka kujua leo kumeshuka samaki gani. Tumepita watu elfu kumi na moja. Tulipokuwa wachache tulijuana kwa nyumba na mitaa. Mtu akipotoka, mzee mmoja humkanya faragha na mambo yakaisha. Siku hizi anayetukana hajulikani ni nani wala yuko wapi, na anayetukanwa ni jirani yetu. Ndiyo maana tumeyaandika haya na kuyaweka juu.

Kwa kila maoni tunauliza jambo moja: umelijuaje? Kama umeona mwenyewe, sema umeona, wapi na saa ngapi. Kama umeambiwa, sema umeambiwa na nani, au kaa kimya mpaka upate uhakika. Maoni ya namna hii tunayataka hata kila saa: "Niko jeti ya Mokowe, saa nne asubuhi. Boti za abiria zinavuka, lakini upepo ni mkali. Wenye watoto wachanga ni bora wangoje." Aliyeandika hivyo amemsaidia mtu aliye njiani kutoka Witu, na pia bibi anayemngoja mgonjwa wake upande wa pili.

Na haya hatuyataki: "Nasikia boti imezama Mkanda, tuwaombee." Boti ipi? Ya wapi kwenda wapi? Nani amekwambia? Faza na Kizingitini kuna nyumba zinazosoma maneno hayo na wana wao wako baharini saa hiyo hiyo, hasa msimu wa kusi bahari inapochafuka. Ukiona ajali, piga 999 au 112 kwanza, wajulishe wenye vyombo walio karibu, kisha ndiyo uandike hapa. Majina ya waliofariki au waliopotea hayatajwi mpaka jamaa zao wenyewe wayatoe. Picha za maiti haziwekwi kabisa, hata ukizifunika uso. Kwa hili hatuonyi mara ya pili. Mtu anatoka siku hiyo hiyo.

Tangazo la msiba likishatoka kwa familia, dua na rambirambi ni nyingi kadiri mpendavyo. Ila chini ya tangazo la maziko si pahali pa kuuliza marehemu aliacha deni gani. Yametokea.

Siasa na maendeleo hatukuyakataza, kama wengine wanavyodhani. Bandari, ardhi, pikipiki kisiwani, fidia ya wavuvi, yote yazungumzeni, na mkiukosoa uongozi ukosoeni kwa jina la cheo na kwa jambo lenyewe. Maoni mazuri kwetu ni yale yanayoongeza kitu. Mtu akiandika kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76, kisha akauliza wa kijiji chake wamefikia wapi, hapo kuna mazungumzo. Au akikumbusha kwamba Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na akaeleza kwa nini yeye aliupinga au aliutaka, tutamsikiliza. Aliyeutaka ana haki ya kusema pia, wala asiitwe msaliti. Lakini "nyinyi wote mumenunuliwa" ni maneno matupu. Tunayafuta.

Kwa ardhi tunaongeza sharti moja. Zungumza juu ya kiwanja, hati, mpaka na ofisi, usizungumze juu ya kabila. Humu mna Wabajuni, Waamu, Waaweer, Waorma, Wagiriama, na watu waliozaliwa Mpeketoni na Hindi ambao hawana kwao kwingine. Ukimwambia mmoja wao "rudi kwenu", umejiondoa mwenyewe. Tena sheria ya utangamano ya mwaka 2008 inayatazama maneno hayo kama kosa, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 iliweka faini inayofika shilingi milioni 5 kwa anayeeneza uongo kwa makusudi. Sisi wasimamizi hatutamlipia mtu.

Usalama. Kuuliza "basi limefika wapi?" kwenye barabara ya Garsen hadi Mokowe ni sawa, na kujibu ni wema. Kuandika msafara wa polisi umeondoka saa ngapi, uko na magari mangapi na umesimama wapi si sawa, hata kama nia yako ni kuwatoa watu wasiwasi. Picha za askari na kambi zao pia hapana.

Dini: tangazeni darsa, Maulidi, harambee ya madrasa, muandamo wa mwezi ukishathibitishwa. Ubishi wa nani bidaa na nani si bidaa hauletwi humu. Masheikh wapo, milango yao iko wazi, na hakuna aliyewahi kushinda mjadala huo kwa simu.

Picha za wanawake zinahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu ndizo zinazotuletea simu za usiku. Picha ya kupamba, ya bibi harusi, au ya mwanamke yeyote aliyevua buibui kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wanawake wenzake, haipandishwi humu. Usiseme "mbona yeye mwenyewe aliiweka kwake". Aliiweka kwake. Nambari ya simu, kitambulisho na karatasi ya hospitali ya mtu mwengine ni hivyo hivyo. Bila idhini yake hatuziachi.

Biashara ni siku ya Ijumaa baada ya Asri mpaka usiku, na bei iandikwe. Hatutaki "njoo faragha" kwa kilo moja ya tafi. Wenye samaki wabichi tumewaruhusu siku yoyote maana samaki hangoji Ijumaa. Punda aliyepotea au aliyeokotwa pia ni siku yoyote: weka rangi, alama, na mtaa alioonekana.

Andika Kiamu, Kitikuu, Kisiu, Kiswahili cha shule, chochote. Anayemcheka mwenzake kwa lahaja yake au kwa makosa ya kuandika atanyamazishwa wiki moja. Utani wa Langoni na Mkomani tunauruhusu, ukiwa utani.

Maoni yakivunja haya, tunayafuta na kukuandikia kwa nini. Mara ya pili unanyamazishwa siku saba, mara ya tatu unatoka, na unaweza kuomba kurudi baada ya miezi mitatu. Tuko wasimamizi watano, wawili ni wanawake, na mambo ya picha yanapelekwa kwao. Ukiona tumekosea, mwandikie msimamizi mwengine asiyekuwa aliyefuta. Yeye ndiye atakayeamua. Usiku baada ya saa tano hatujibu, isipokuwa la ajali au la picha.

Maoni chini ya tangazo hili tumeyafunga. Sheria zinaanza kufuatwa kesho baada ya Alfajiri, na yaliyoandikwa kabla ya hapo hatutayafukua.

Wasimamizi