Maneno ya Ofisini kwa Mtumishi Mpya wa Masjala

Karibu, mdogo wangu. Nimeyapanga kwa jinsi utakavyokutana nayo, si kwa alfabeti.

Watu

*Mkurugenzi Mtendaji*: mkuu wa watumishi wa halmashauri. Ndiye pia afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa kila shilingi inayotoka.

*Mkuu wa idara*: msimamizi wa elimu, afya, kilimo na nyinginezo. Jalada la idara huanzia kwake.

*Naibu* na *kaimu*: usivichanganye. Naibu ni cheo cha mtu mwenyewe. Kaimu ameshika nafasi ya mwingine kwa muda, na mwenyewe akirudi, ukaimu unakwisha. Barua ya kaimu lazima iandikwe “Kaimu” chini ya saini.

*Katibu muhtasi*: huchapa, hupanga miadi, hulinda mlango wa bosi. Msalimie kwanza.

*Mtunza kumbukumbu*: wewe na mimi.

Karatasi

*Masjala*: chumba chetu. Barua zote huingilia na kutokea hapa, na hugongwa muhuri wa tarehe siku hiyohiyo zilipofika. Siku hiyohiyo, nasisitiza. Nimewahi kuona mstaafu akihangaika miezi mingi kwa sababu barua yake ilikaa mezani bila muhuri, na hakuna aliyeweza kuonyesha ilifika lini.

*Jalada*: wengi husema faili. La wazi hupita kwa wahudumu; la siri hubebwa na aliyeruhusiwa tu.

*Folio*: namba ya kila karatasi ndani ya jalada, juu kulia. Ukisoma “tafadhali rejea folio 14”, hesabu hadi 14. Ukikuta 13 kisha 15, simama, uliza, usiendelee.

*Dokezo*: maelezo mafupi ya afisa kwa afisa, yenye saini na tarehe. Likiandikwa kwenye karatasi ya peke yake, nje ya jalada, huitwa *dokezo sabili*.

*Yah*: yahusu, kichwa cha barua. *K.n.y.*: kwa niaba ya. *Kumb. Na.*: namba ya kumbukumbu, isipokuwepo, barua haitoki.

Fedha

*Masurufu*: fedha unayopewa kabla ya kazi. Si mali yako; ni deni lako hadi ulete marejesho, pamoja na stakabadhi.

*Posho ya kujikimu*: ya kulala na kula ukiwa safarini kikazi.

*Kasma*: kifungu cha bajeti. “Kasma imeisha” maana yake hata hoja nzuri itasubiri.

Ajira yako

*Kipindi cha majaribio*: miezi 12. Kikiisha, andika barua ya kuomba kuthibitishwa kazini, ukiipitisha kwa mkuu wako.

*Likizo ya mwaka*: siku 28. Usiondoke kabla ya barua ya ruhusa kurudi ikiwa na saini.

*Kukabidhi ofisi*: kuandika na kusaini ulichoacha, hata funguo za kabati. Za kabati letu ni tatu. Ya tatu hukwama, izungushe kushoto kwanza.