Nusu saa ya mwezi: utunzaji wa diski ya kompyuta ya nyumbani, Langoni

Assalaam alaykum, Dada.

Huu ndio utaratibu ulioniomba. Nimeuandika kwa kompyuta hiyo hiyo iliyo chumba cha ndani: Windows 11, diski ya SSD ya GB 256, na zile diski mbili za nje za TB 1 nilizozipa majina NAKALA 1 na NAKALA 2. Uchapishe, uubandike ndani ya mlango wa kabati. Nimepunguza kila lisilo la lazima, kwa sababu najua una wageni wa kupokea, watoto wa kuwasomesha na hesabu za nyumba ya wageni. Utaratibu wa saa tatu ungeufuata mwezi mmoja tu. Huu ni wa nusu saa, na sehemu kubwa kompyuta inafanya kazi yenyewe huku wewe ukiendelea na yako.

Siku yake

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya Isha. Ikiangukia Ramadhani, fanya Jumamosi asubuhi. Baada ya tarawehe mtu amechoka, na aliyechoka hufuta asichokusudia. Mwezi ukikupita, usijilipize kwa kufanya mara mbili. Endelea na unaofuata.

Usiku ukiwa na dakika kumi tu, fanya hatua ya kwanza peke yake, mengine yaache. Kompyuta iliyojaa inaudhi, lakini hatuna pa kuzipata tena picha za marehemu Baba zikipotea. Ndiyo maana kunakili kumetangulia kufuta, na usibadilishe mpangilio huo hata siku unayoona kufuta ni kwa haraka zaidi.

Hatua ya kwanza: nakala

Miezi ya witiri, yaani Januari, Machi, Mei na kuendelea, chomeka NAKALA 1. Miezi ya shufwa, NAKALA 2. Fungua `This PC` uhakikishe jina la diski liko mbele ya herufi E. Ukikuta E ni flashi ya mtoto, itoe kwanza, kisha uchomoe diski na kuichomeka upya.

Kila kitu cha familia kiko ndani ya folda moja, `C:\Nyumbani`: Picha, Video, Hati, Wageni, Shule. Kwenye uso wa kompyuta kuna faili niliyoiita `nakala.bat`. Ibofye mara mbili. Ndani yake mna maneno haya tu:

```
robocopy "C:\Nyumbani" "E:\Nyumbani" /E /XO /FFT /XJ /R:1 /W:1
pause
```

Inapeleka kwenye diski ya nje yaliyo mapya na yaliyobadilika, na kuyaruka yale ambayo tayari yako huko. Kwa hiyo mara ya kwanza itachukua muda mrefu, na miezi inayofuata itakuwa dakika chache. Umeme ukikatika katikati, usihofu: ukirudi, bofya tena, itaendelea na yaliyobaki. Hata hivyo anza pale UPS, ile betri ya akiba, inapokuwa imejaa chaji.

Akija fundi akakushauri uongeze `/MIR` kwenye mstari huo, mkatalie. Neno hilo huifanya diski ya nje ifanane kabisa na kompyuta, hivyo picha iliyofutwa kwa bahati mbaya kwenye kompyuta hufutwa na kwenye nakala. Nimeliacha makusudi. Tunacholipa ni kwamba ukibadilisha jina la folda kubwa, diski itabeba yote mawili, la zamani na jipya. Kwa hiyo majina ya folda yaache kama yalivyo.

Mwisho itatokea jedwali. Tazama safu ya `FAILED`: iwe sifuri mistari yote. Ikiwa si sifuri, mara nyingi ni faili iliyokuwa wazi. Funga programu zote ubofye tena.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi, nami nakuomba usiliache. Fungua diski yenyewe, `E:\Nyumbani`, uchague picha moja ya mwezi uliopita na hati moja, uzifungue mpaka uzione zote kwa ukamilifu. Usitosheke na kuona jina la faili au kijipicha chake. Faili inaweza kuwa na jina sahihi na ndani imeharibika, na siku ya kulijua hilo isiwe siku kompyuta imekufa. Kila mwezi chagua folda tofauti.

Kisha bofya `Eject`, subiri ruhusa, ndipo uchomoe waya. Diski hizi zimeandaliwa kwa mfumo wa exFAT ili zisomeke na kompyuta za aina nyingine pia, na mfumo huo hauvumilii kuchomolewa ghafla. Usiiache imechomekwa mwezi mzima. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta na kufunga faili ili kudai pesa, hufunga pia kila diski kitakayoikuta imeunganishwa. Vilevile radi ya masika ikipitia kwenye nyaya haitachagua.

Diski iliyotumika mwezi huu ibaki kwako. Ile nyingine ikae Mkomani kwa Mama. Watoto wazibadilishe wanapokwenda kumsalimia. Nyumba zetu zimegusana kuta na nyingine zina mapaa ya makuti. Nakala mbili zilizo chini ya paa moja huungua pamoja na huibiwa pamoja.

Usiziweke kwenye zidaka, hata kama pale ndipo vitu vyote vya nyumba hii huwekwa. Kusi ikivuma, hewa ya bahari inaleta chumvi na unyevu mpaka ndani, na sehemu za chuma za kuchomekea waya hupata kutu. Nimeleta visanduku viwili vya plastiki vyenye kifuniko cha kubana. Tia ndani vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na uvibadilishe ukipata vipya.

Ukiulizwa kwa nini hatutegemei mtandao peke yake: akaunti ya bure ya Google ina GB 15 na ya OneDrive GB 5, na video za harusi peke yake zinazidi hapo. Pia folda inayolinganishwa na mtandao hufuata unachofanya, ukifuta hapa na kule hufutika. Hati za nyumba na vyeti vya kuzaliwa nimeviweka huko kwa kuwa ni vyepesi. Vingine viko mikononi mwetu.

Hatua ya pili: nafasi

Rudi `This PC` utazame mstari wa diski C. Usishangae kuona GB 238 badala ya 256: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Hakuna aliyekuibia. Unachotafuta ni nafasi iliyobaki. Ikiwa ni zaidi ya GB 50, ruka hatua hii yote uende ya tatu.

Ikiwa chini ya hapo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, kisha `System`, `Storage`, `Temporary files`. Weka alama kwenye `Windows Update Cleanup`, `Delivery Optimization Files` na `Temporary files`. Ondoa alama kwenye `Downloads` ukiikuta. Imewekwa kwenye orodha moja na takataka, lakini kwako ndiko ziliko risiti za wageni. Ukiona `Previous Windows installation(s)`, iache. Windows huiondoa yenyewe baada ya siku chache, na kabla ya hapo inakuwezesha kurudi nyuma iwapo toleo jipya lina kasoro. Bofya `Remove files`, uende zako.

Folda ya `Downloads` ishughulikie kwa macho yako. Ipange kwa ukubwa, kubwa juu, utazame kumi za kwanza tu. Za chini hazina uzito wa kukupotezea usiku. Utakuta faili ile ile imeshushwa mara tatu, jina likiishia `(1)` na `(2)`, na programu ambazo zilishasakinishwa. Risiti na hati zihamishie `C:\Nyumbani`, zilizobaki zifute.

Ikiwa bado nafasi ni ndogo, kinachokula ni video. Video unaweza kuifuta kwenye kompyuta pale tu inapokuwa imeingia NAKALA 1 na NAKALA 2 zote mbili. Kwa kuwa diski zinapokezana, ile iliyokaa ndani ya `C:\Nyumbani` miezi miwili kamili bila wewe kukosa mwezi imeshafika kote. Ukiwa na shaka, isubiri diski nyingine uitazame kwa macho. Tumia kitufe cha `Delete` peke yake. `Shift` pamoja na `Delete` huruka pipa. Pipa lenyewe usilimwage usiku huo huo. Limwage mwezi unaofuata, kabla ya kufuta vipya.

Tunahitaji nafasi tupu kwa sababu Windows hutumia diski kama akiba pale RAM inapojaa, na masasisho makubwa hayaingii bila nafasi. SSD nayo hugawa kazi ya kuandika kwenye sehemu zake ili zisichakae upande mmoja, na inafanya hivyo vizuri zaidi ikiwa na mahali patupu.

Hatua ya tatu: afya ya diski

Bofya kulia kitufe cha Start, chagua `Terminal`, uandike:

```
Get-PhysicalDisk | Format-Table FriendlyName, HealthStatus
```

Ikisema `Healthy`, andika tarehe kwenye karatasi hii, umemaliza. Ikisema `Warning` au `Unhealthy`, acha kila kitu, chukua pia diski iliyoko Mkomani uifanyie nakala, kisha nipigie hata kama ni usiku wa manane. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo haitoi sauti kabla ya kufa. Hizi za nje zinazunguka. Ukisikia moja inagonga-gonga, ichomoe na usiijaribu tena, tutanunua nyingine.

Yasiyo ya kila mwezi

Kupanga upya vipande vya faili, kazi waliyokuwa wakiifanya mafundi zamani, SSD haihitaji. Windows ina kazi yake ya kila wiki ya kuihudumia, usiiguse. Programu zinazojitangaza kuwa zitasafisha na kuongeza kasi, usisakinishe hata moja. Ndani ya folda ya `Windows` usifute kitu kwa mkono hata ukikiona kikubwa namna gani.

Kompyuta ikizimika ghafla kwa kukatika umeme, na baadaye faili zikakataa kufunguka, fungua `Terminal (Admin)` uandike `chkdsk C: /scan`. Inakagua huku kompyuta ikifanya kazi. Ikiripoti makosa, nipigie kabla ya kukubali chochote.

Binti yako mkubwa ameshajua kuhamisha picha za simu kwa waya hadi `C:\Nyumbani\Picha`. Afanye hivyo Alhamisi, ili Ijumaa ziwe tayari. Asizifute kwenye simu mpaka wiki inayofuata, baada ya wewe kuandika tarehe.

Mwezi huu ni wa witiri, kwa hiyo anza na NAKALA 1. Iko kwenye kisanduku cha kijani, juu ya daftari la wageni.